UPS inalia na kurukia betri wakati umeme upo: mwongozo kamili wa kumsaka mkorofi

Kisa ni kilekile kila mara. UPS inalia, inatoa sauti ya "tak", taa ya betri inawaka, na baada ya sekunde chache inarudi kwenye umeme. Mtu anaangalia taa za chumbani: zinawaka vizuri. Anachukua multimita: 230. Anaamua betri imechoka, ananunua mpya, anaifunga, na kesho yake saa tatu asubuhi, tak, inalia tena.

Betri iliyochoka haifanyi UPS iruke. Inaifanya izime mapema ikisharuka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kinachoifanya iruke karibu kila mara kiko upande wa umeme unaoingia, na hukioni kwa sababu kinadumu kwa muda mfupi kuliko jicho au multimita inavyoweza kunasa. Mwongozo huu unahusu kukisaka kitu hicho, hasa aina yake ninayokutana nayo zaidi: kiungo kilicholegea kwenye nyaya au soketi, kikishirikiana na kifaa kinachovuta umeme mwingi kwa ghafla.

Namba zote hapa ni za umeme wa volti 230 na hezi 50. Kama wako ni wa volti 120, hatua ni zilezile, ila viwango vya volti vitakuwa takriban nusu.

## Vitu vya kuandaa

- Kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi. Kikiwa na kumbukumbu ya kiwango cha chini na cha juu (kwenye vitufe huandikwa MIN na MAX), bora zaidi. Multimita nayo inafaa kama umezoea kupima soketi yenye umeme.
- Birika la umeme ambalo wati zake zimeandikwa kwenye kitako. Pasi pia inafaa.
- Taa ya mezani yenye balbu ya kawaida, itakayokaa kwenye UPS badala ya kompyuta wakati wa majaribio.
- Daftari na saa.
- Kama UPS yako ina tundu la USB: kebo yake, na kompyuta yenye NUT, programu ya kusoma na kuandika hali ya UPS. Si lazima, lakini inaokoa siku mbili za kukaa ukisikiliza.
- Kitabu cha maelezo cha UPS yenyewe.

Maonyo mawili kabla ya yote. Matundu ya kutolea umeme ya UPS yanabaki na umeme hatari hata ukiichomoa ukutani, kwa hiyo usiifungue kifuniko ukidhani kuchomoa kumeimaliza. Na birika haliendi kwenye UPS hata kwa sekunde moja: litaizidi uwezo, na unaweza kuondoka na UPS mbovu ambayo dakika iliyopita ilikuwa nzima.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli inaruka

Milio haifanani. Kaa karibu na UPS na usikilize vitu viwili kwa pamoja: mlio, na "tak" ya relei iliyo ndani.

Ukisikia tak, mlio, na taa ya betri ikawaka, kisha baada ya sekunde kadhaa tak nyingine na kimya, hapo imeruka kweli. Endelea na mwongozo.

Ukisikia mlio bila tak yoyote, na taa ya umeme haibadiliki, tatizo ni jingine. Mlio mfululizo mara nyingi ni mzigo uliozidi uwezo. Milio mifupi ya kujirudia huku alama ya betri ikimetameta mara nyingi ni betri inayodai kubadilishwa. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa milio, kwa hiyo fungua kitabu kabla ya kuamua.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: tak bila mlio. Hiyo ni UPS inayopandisha au kushusha volti zilizoingia bila kutumia betri. Haijakosea kitu, ila inakwambia kwamba volti zako zinapanda na kushuka kuliko unavyodhani. Iandike daftarini.

Ukifaulu hatua hii: unaweza kusema bila kusita, "inaruka, na inarudi baada ya sekunde kadhaa."

## Hatua ya 2: Elewa kwa nini multimita inakuonyesha 230

Hatua hii haina kazi ya mikono, lakini asiyeielewa ataishia kuilaumu UPS isiyo na kosa.

Kwenye hezi 50, mzunguko mmoja wa umeme unachukua milisekunde 20. UPS inalinganisha umbo la wimbi na linavyopaswa kuwa, mara nyingi ndani ya kila mzunguko. Wimbi likichomoka kwenye umbo lake, haingoji lijirekebishe. Inaruka, kwa sababu kompyuta iliyo nyuma yake inaweza kuvumilia kukosa umeme kwa takriban milisekunde 10 hadi 20 tu. Multimita ya kawaida inachukua wastani na kubadilisha namba kiooni mara chache kwa sekunde. Mporomoko wa milisekunde 30 unapita katikati ya namba mbili kama mbu kwenye wavu wa samaki.

Halafu kuna kitu kinachopotosha zaidi. UPS ikisharuka hairudi papo hapo. Inakaa kwenye betri sekunde kadhaa hadi iridhike kwamba umeme umetulia. Ndiyo maana unapokimbia na multimita unakuta 230 huku UPS bado inalia. Kosa lilishapita kabla hujasimama kutoka kwenye kiti.

## Hatua ya 3: Andika saa, na kilichowashwa saa hiyo

Kwa siku mbili, kila ikiruka, andika saa na dakika, kisha pembeni andika kifaa kilichokuwa kinaanza kufanya kazi: friji, pampu ya maji, kiyoyozi, printa ya leza, pasi, mashine ya kufulia. Neno muhimu ni *kinaanza*. Mota, na vipashajoto vyenye taa ya halojeni kama cha printa ya leza, huvuta umeme mwingi zaidi wakati wa kuwaka kuliko wakati wa kuendelea.

Kama una NUT, iache iandike yenyewe. Amri hii inasoma hali ya UPS kila sekunde mbili (badilisha neno `ups` liwe jina uliloipa yako kwenye mipangilio):

```
upslog -s ups@localhost -l /tmp/ups.log -i 2
```

Kumbuka kwamba faili iliyo ndani ya `/tmp` inaweza kufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo inakili kila jioni, na ukiwasha kompyuta upya iendeshe amri tena. Kutafuta mistari ya kurukia betri:

```
grep OB /tmp/ups.log
```

Hivi ndivyo yangu ilivyoonekana asubuhi moja:

```
20250311 091407 100 231.0 21 [OL] NA NA
20250311 091409 100 231.0 21 [OB DISCHRG] NA NA
```

`OL` maana yake iko kwenye umeme, `OB` iko kwenye betri. Tazama mstari wa pili: saa 3:14 asubuhi UPS iko kwenye betri, na hapohapo imeandika volti 231.0 zinaingia. Kifaa chenyewe kinakataa umeme ambao kinaripoti ni mzuri! Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kosa lililopita kabla ya kusomwa.

Sasa uliza mipaka yake na sababu ya mwisho ya kuruka:

```
upsc ups@localhost
```

Katika orodha itakayotoka, tafuta mistari hii. Si kila UPS inaitoa yote:

```
input.sensitivity: medium
input.transfer.high: 266
input.transfer.low: 180
input.transfer.reason: input voltage out of range
```

Yangu, basi, inaruka volti zikishuka chini ya 180 au zikipanda juu ya 266, na sababu ya mara ya mwisho ilikuwa volti kutoka nje ya mipaka hiyo. Kama sababu yako inataja frequency badala ya voltage, na umeme unatoka kwenye jenereta, mkorofi wako ni mwendo wa injini usiotulia. Huyo anatibiwa kwenye jenereta na kwenye hatua ya 7, si kwenye nyaya.

Ukifaulu hatua hii: una angalau miruko mitano yenye saa, na ama kuna kifaa kimoja kinachojirudia pembeni yake, ama hakuna. Majibu yote mawili yana faida. Daftari langu lilikuwa na printa ya leza mara saba kati ya tisa.

## Hatua ya 4: Ipeleke UPS kwenye soketi nyingine, peke yake

Zima kompyuta, chomoa vyote vilivyo kwenye UPS, ubakishe taa ya mezani. Sasa ichomeke UPS moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo kwenye sakiti nyingine, yaani inayozimwa na breka tofauti. Usitumie ekstensheni. Usipitishe kwenye kizuia mawimbi wala stabilaiza.

Stabilaiza nimeitaja kwa makusudi. Watu huiweka mbele ya UPS kwa nia njema ili "kusafisha" umeme. Stabilaiza ya relei, kila inapohama kutoka ngazi moja kwenda nyingine, hukata umeme kwa milisekunde kadhaa. Mkato huo ndio UPS imetengenezwa kuukimbia. Nimeona UPS ikiruka mara kumi kwa siku, ikanyamaza siku stabilaiza ilipoondolewa. Kama unayo, iondoe kwanza, kabla ya jaribio lolote lingine.

Iache hapo muda uleule ambao kwa kawaida ingekuwa imeruka mara mbili au tatu.

- Ikinyamaza: tatizo liko kwenye soketi, ekstensheni au sakiti ya mwanzo. Nenda hatua ya 5.
- Ikiendelea kuruka saa zilezile: tatizo liko kabla ya sakiti kugawanyika, kwenye boksi la breka au umeme unaoingia jengoni, au kifaa kinachosumbua ni kikubwa kiasi cha kutikisa jengo zima. Fanya hatua ya 5 kwenye soketi zote mbili.
- Ikiendelea kuruka ovyo, bila uhusiano na chochote: ishuku UPS yenyewe. Ruka hadi hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Pima soketi ikiwa na mzigo

Soketi isiyo na mzigo haisemi ukweli. Kiungo kilicholegea hupitisha volti zote 230 vizuri kabisa mradi hakuna mkondo unaopita. Udhaifu wake unaonekana pale tu kinapobebeshwa. Ndiyo maana birika lipo kwenye orodha.

1. Chomoa UPS na vifaa vingine vya sakiti hiyo.
2. Chomeka kipima volti kwenye tundu moja la soketi na birika lililojaa maji kwenye tundu la pembeni. Kama soketi ni ya tundu moja, pima kwenye soketi iliyo karibu zaidi ya sakiti ileile, ukijua kwamba hapo hutapima kiungo cha mwisho kabisa.
3. Andika volti kabla ya kuwasha birika.
4. Washa, subiri sekunde kumi, andika volti.
5. Zima, na uandike tena. Volti zikirudi pale zilipoanza, kushuka kulitokana na birika. Zisiporudi, umeme wa jengo zima ulikuwa unacheza, rudia.

Rudia mara tatu. Ukiwa umewasha birika, isukume plagi yake kwa upole kushoto na kulia. Volti zikirukaruka au ukisikia sauti kama ya mafuta ya kukaangia, acha hapohapo na uzime breka. Umeshampata.

Haya ndiyo niliyoyapata kwangu, kwa birika la wati 2000:

Soketi ya UPS: 231 bila mzigo, 214 birika likiwaka. Imeshuka volti 17.

Soketi ya sakiti nyingine: 231 bila mzigo, 227 birika likiwaka. Imeshuka volti 4.

Sasa hesabu fupi, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo mzima. Birika la wati 2000 kwenye volti 214 linavuta takriban ampea 8. Volti 17 ukigawa kwa ampea 8 unapata takriban omu 2. Huo ndio ukinzani wa njia nzima inayoleta umeme kwenye soketi ile. Soketi ya pili inatoa takriban nusu omu. Zote ziko kwenye jengo moja na umbali unaokaribiana, kwa hiyo ile omu moja na nusu ya ziada imejificha mahali fulani njiani.

Omu 2 zinaweza kuonekana ndogo. Zizidishe na printa. Kushusha volti 231 hadi 180, ambapo UPS inaruka, kunahitaji kupoteza volti 51. Kwenye omu 2 hiyo ni takriban ampea 25. Kipashajoto cha printa ya leza chenye taa ya halojeni, kikiwa baridi, kina ukinzani mdogo sana kuliko kikiwa moto, na kwa kitambo kidogo cha kuwaka kinaweza kuvuta zaidi ya hapo. Ampea 25 hizohizo kwenye soketi ya nusu omu zinapoteza volti 12 au 13 tu, na UPS haishtuki.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa hatari. Volti 17 mara ampea 8 ni takriban wati 136 zinazogeuka joto ndani ya nyaya na viungo, nyingi zikiwa kwenye kile kiungo kimoja kibovu, ndani ya ukuta. Mlio wa UPS uliokuwa unakuudhi ulikuwa unakupigia kelele kuhusu kitu kinachoweza kuwasha moto.

Jinsi ya kusoma matokeo yako kwa birika la wati 2000: kushuka kwa volti 3 hadi 7 ni kawaida. Volti 8 hadi 11, chunguza, hasa kama waya ni mrefu. Volti 12 na zaidi, usiendelee kuitumia soketi hiyo kwa vifaa vikubwa hadi fundi umeme aiangalie.

### Simama hapa ukiona hivi

Ukiwasha birika na taa za chumba kingine *zikaongeza* mwanga, au volti kwenye soketi nyingine zikapanda kwa kiasi kinachoonekana, zima swichi kuu na umwite fundi umeme au shirika linalokuletea umeme siku hiyohiyo. Hiyo ni dalili ya waya wa nyutro uliolegea au kukatika kwenye njia kuu. Katika jengo lenye fezi zaidi ya moja, hali hiyo inaweza kupandisha volti za upande mmoja hadi kuunguza kila kilichochomekwa. Hapo suala la UPS limekwisha kuwa dogo.

## Hatua ya 6: Thibitisha mkorofi, kisha mtengeneze

Kabla ya kumwita fundi, mwamshe mkorofi kwa makusudi. Rudisha UPS kwenye soketi yake, na taa ya mezani ikiwa mzigo. Weka kipima volti kwenye MIN. Acha printa ipoe nusu saa, kisha itume ichape ukurasa mmoja. Rudia mara tano.

Kwangu UPS iliruka mara nne kati ya tano, na MIN ikaonyesha 205. Usivunjike moyo ukiona namba kama hiyo ambayo iko juu ya mpaka wa 180. Kumbukumbu ya MIN kwenye vipima vya kawaida nayo ni ya wastani, kwa hiyo kinachosomeka 205 kinaweza kuwa kilishuka chini zaidi kwa kitambo kifupi. Unachotafuta ni uhusiano: printa ikianza, MIN inashuka na UPS inaruka.

Sasa matengenezo, kwa kuanza na yasiyohitaji kufungua kitu. Angalia meno ya plagi ya UPS na ya ekstensheni. Madoa meusi au ya kahawia, plastiki iliyolainika, au plagi inayotoka bila kushikwa na soketi, vyote vinamaanisha badilisha. Kukwangua meno kwa msasa hakusaidii: jino litang'aa, lakini chemchemi ya ndani ya soketi iliyolegea kwa joto haiwezi kurudi kubana.

Viungo vya ukutani ni kazi ya fundi umeme. Mpe namba zako, na mwombe afungue si soketi hiyo tu bali na zile zilizotangulia kwenye mnyororo hadi kwenye breka. Soketi nyingi huungwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo kosa linaloonekana kwenye soketi ya nne linaweza kukaa kwenye ya pili. Kwangu lilikuwa hapo hasa: soketi iliyo nyuma ya kabati, isiyotumika na mtu, waya wa nyutro ukiwa umekaa chini ya skrubu iliyolegea, na plastiki kuuzunguka imegeuka rangi ya chai ya rangi. Fundi alikata kipande kilichoungua, akachuna waya upya na kubadilisha soketi nzima. Hakukaza tu skrubu ileile, na wako asikubali kukaza tu: chuma kilichokwisha kuungua hakishiki tena vizuri.

Pima upya kwa birika lilelile. Kwangu: 231, ikashuka hadi 226. Volti 5. Printa ikachapa mara tano, UPS kimya.

Kama nyaya zako ni nzima na bado kifaa kikubwa kinaitikisa UPS, tenganisha. Printa, friji na pampu visikae sakiti moja na UPS. Kuhamisha plagi moja mara nyingi kunamaliza kazi, na hakuna haja ya kununua kitu.

## Hatua ya 7: Ndipo sasa ugusie unyeti

UPS nyingi zinakuruhusu kuchagua ziwe nyepesi kiasi gani kushtuka. Nyingine zina kitufe, nyingine zinabadilishwa kwa programu. Kwenye NUT, kama UPS yako inakubali:

```
upsrw -s input.sensitivity=low -u admin ups@localhost
```

Badala ya `admin` weka jina la mtumiaji aliyeruhusiwa kwenye mipangilio yako, itakuomba nywila. Soma tena kwa `upsc` kuhakikisha thamani imebadilika, kwa sababu UPS nyingine hupokea amri na kuipuuza.

Nimeiweka hatua hii mwishoni kwa makusudi, na najua wengi wataanzia hapa kwa kuwa ni rahisi. Ukishusha unyeti kabla ya kupima nyaya, utanyamazisha mlio na kukiacha kiungo kikiendelea kuungua ukutani. Mahali pake halali ni pawili: umeme wa jenereta ambao umbo la wimbi lake haliwezi kuwa safi, na jengo ambalo vipimo vya hatua ya 5 vimekuwa vizuri lakini umeme wa nje una vurugu ndogondogo zisizo na madhara kwa kompyuta.

Shuka ngazi moja tu kwa wakati: kutoka `high` hadi `medium`, kaa siku tatu, ndipo `low`. Utajua umekosea kompyuta ikianza kujizima na kuwaka upya umeme ukicheza. Hapo UPS inachelewa kuruka, rudi ngazi moja juu.

## Hatua ya 8: Lini uishuku UPS yenyewe

Ukifika hapa bila mkorofi, fanya jaribio la kubadilishana. Azima UPS nyingine inayojulikana kuwa nzima, iweke kwenye soketi ileile na taa ileile ya mezani, kwa siku mbili. Ikinyamaza wakati yako ilikuwa inaruka, na yako ikaendelea kuruka kwenye sakiti mbili tofauti, hukumu imetoka. Angalizo: UPS mbili zinaweza kuwa na mipaka na unyeti tofauti, kwa hiyo linganisha hizo kwanza.

Jaribio la pili ni la dakika moja. Soma volti UPS inazoripoti, kisha pima soketi ileile kwa kipima chako. Tofauti ya volti mbili tatu haina maana. Ikiripoti 205 wakati kipima kinasema 231, sehemu yake ya kuhisi imepotoka, na UPS inaishi karibu na mpaka wa chini bila sababu. Kosa la relei iliyochoka ni gumu zaidi kulinasa. Dalili yake ni kuruka unapoigonga UPS kidogo kwa kiganja au inapopata joto. Yote mawili ni ya fundi wa vifaa vya umeme, na kwa UPS ndogo mara nyingi gharama ya kutengeneza haina tija.

## Hatua ya 9: Sasa iangalie betri

Betri haikuwa chanzo, lakini imeumia. Kila mruko ni utoaji mdogo wa chaji, na mamia yake kwa miezi, pamoja na joto la kuchajiwa tena na tena, hupunguza umri wa betri ya risasi. Chomoa UPS ukutani ikiwa na taa ya mezani na betri iliyojaa, hesabu dakika hadi usikie mlio wa kuonya kwamba betri inakaribia kuisha, kisha irudishe kwenye umeme. Linganisha na kitabu kwa mzigo unaokaribiana. Ikitoa chini ya nusu ya dakika zilizoandikwa, badilisha betri. Vua pete na saa kabla ya kuishika. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini ikigusana na chuma kwenye ncha zake mbili inaunguza ngozi vibaya.

Acha daftari au `upslog` iendelee kwa wiki tatu baada ya matengenezo. Ukikuta mruko mmoja wa sekunde kumi hivi, na baada ya wiki mbili ukaja mwingine saa ileile kamili bila kifaa chochote kuwashwa, usimwite fundi tena. UPS nyingi hujijaribu betri zenyewe kwa ratiba, na huo ndio mlio pekee unaopaswa kubaki.